Umeme umetulia, jenereta linakufa kimya kimya

Katika vikao vya bajeti vya wamiliki wa majengo jijini Dar es Salaam kuna hoja inayorudi siku hizi kila kinapofikiwa kifungu cha jenereta. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 umekwisha, inasemwa. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi Februari 2024, wa tisa ukafuata mwaka 2025, jumla ni megawati 2,115, na jenereta sasa linamaliza wiki nzima bila kuguswa. Basi mkataba wa matengenezo upunguzwe, au ziara za fundi ziwe mbili kwa mwaka badala ya nne. Kwa mwenye kushika fedha hoja hii inavutia, lakini imesimama juu ya dhana kwamba mashine huchakaa kwa kufanya kazi peke yake. Jenereta la dharura huharibika zaidi kwa kukaa: betri hupoteza chaji, dizeli huota utando, unyevu wa pwani huingia kwenye nyaya za alteneta, sehemu inayozalisha umeme, na hakuna anayeona lolote kati ya haya mpaka siku TANESCO wanapokata. Umeme ulipotulia, ratiba ya matengenezo haikupaswa kupunguzwa wala kuachwa ilivyokuwa. Ilipaswa kuandikwa upya. Na katika majengo mengi haiwezi kuandikwa upya, kwa sababu mwongozo wa uendeshaji na matengenezo uliokabidhiwa siku jengo lilipokamilika hauna taarifa ambazo ratiba mpya ingezitegemea.

Ni vizuri kueleza kwanza mwongozo huo ni kitu gani, maana wengi wameuona kwa nje tu. Mkandarasi wa umeme na mitambo anapomaliza kazi hukabidhi majalada kadhaa mazito yenye migongo iliyoandikwa vizuri. Ukiyafungua, sehemu kubwa ni vitabu vya watengenezaji vilivyochapwa kutoka mtandaoni: kitabu kimoja cha injini kinaeleza aina kumi na mbili, na hakuna aliyeweka alama kwenye ile iliyofungwa pale, kitabu cha kidhibiti kina kurasa za lugha tano. Nyuma kabisa kuna michoro, ambayo mara nyingi ni ile ya zabuni iliyobandikwa muhuri mpya, na jedwali la matengenezo lililonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye vitabu hivyo. Kinachokosekana ni kurasa thelathini au arobaini ambazo hakuna mtengenezaji awezaye kuziandika, kwa kuwa zinahusu jengo lenyewe. Humo ndimo inapoelezwa umeme ukikatika kinatokea nini na kwa mpangilio gani, mizigo ipi inabebwa na jenereta na ipi inaachwa, kila kifaa kinalishwa kutoka breka namba ngapi ya bodi ipi, vipimo vya kidhibiti viliwekwa vingapi, na siku ya majaribio ya makabidhiano mashine ilisoma nini: volti za betri stata ikizunguka, shinikizo la oili, joto la maji, upinzani wa kinga ya nyaya za alteneta. Namba hizo za siku ya kwanza ndizo kipimo cha kila ziara itakayofuata. Bila hizo, fundi anayepima mwaka wa sita anasoma namba isiyo na ya kulinganishwa nayo.

Nichukue mfano mmoja ninaoujua kwa karibu, wa jengo la ofisi la ghorofa tisa katikati ya jiji, ambalo sitalitaja. Lina jenereta la kVA 500, yaani kilowati 400 kwa kigezo cha nguvu cha 0.8. Mwaka mmoja wa umeme uliotulia lilikuwa limewashwa kila Jumatatu kwa dakika kumi bila mzigo, na kukatika kwa umeme kulilifanya libebe jengo kwa jumla ya saa kumi na tatu. Mita ya saa ilisogea saa 22 hivi. Ratiba iliyokuwa kwenye jalada ilisema oili na filta zibadilishwe kila saa 250. Kwa mwendo huo, huduma iliyofuata ingefika baada ya miaka zaidi ya kumi na moja, na kwenye daftari isingesomeka kwamba kuna kosa lolote. Kitabu cha mtengenezaji wa injini, ukikisoma chenyewe, kilisema saa 250 au miezi 12, lolote litakalotangulia. Aliyenakili jedwali aliacha nusu ya pili ya sentensi. Wakati wa mgawo nusu hiyo haikumuumiza mtu, kwa sababu saa zilitangulia miezi kila mara. Umeme ulipotulia, miezi ikatangulia na ratiba haikuwa na habari nayo.

Alhamisi moja umeme ulikatika saa nane mchana. Kidhibiti kilijaribu kuwasha mara tatu, kama kilivyopangwa, kisha kikajifunga na taa nyekundu. Lifti mbili zilikuwa na watu. Fundi aliyeitwa alikuta daftari la ukaguzi likiwa limejazwa vizuri hadi wiki ile ile, na kwenye mstari wa betri kila Jumatatu kulikuwa na maneno yale yale: volti 24, sawa. Aliweka mita kwenye vichwa vya betri, ikasoma 24.4. Kwa asiyejua, hiyo ni namba nzuri, kwani betri hizo mbili kwa pamoja ni za volti 24. Ukweli ni kwamba jozi ya betri za asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 25.4, na ikiwa chaja iko kazini husoma karibu 27. Kusoma 24.4 mahali ambapo chaja inapaswa kuwa imewashwa maana yake ni moja tu: chaja haifanyi kazi, na betri zimebaki karibu nusu. Alipobonyeza stata huku akiangalia mita, namba ilianguka hadi 13 na stata ikatoa mlio wa tak-tak-tak. Kwa betri nzima tungetarajia isishuke chini ya 19 hivi. Mtu aliyekuwa akijaza daftari hakusema uongo hata Jumatatu moja. Aliulizwa swali baya, akalijibu kwa uaminifu.

Chaja yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa haina umeme. Mchoro kwenye jalada ulionyesha kwamba inalishwa kutoka bodi ya chumba cha jenereta, breka namba 4. Breka namba 4 ilikuwa imewashwa, na haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Ilichukua karibu saa nzima kufuata waya hadi bodi ya taa za sakafu ya chini, kwenye breka iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kuwa ni ya akiba. Mafundi waliokuwa wakikarabati duka la chini waliizima wiki kadhaa kabla, kwa nia njema kabisa, maana ya akiba haina mtu. Wakati wa ujenzi fundi alichukua umeme wa chaja mahali palipokuwa karibu, na hakuna aliyerudi kwenye mchoro kuurekebisha. Wiki baada ya wiki, kila uwashaji wa Jumatatu ulichota chaji zaidi kidogo kuliko ilivyoweza kurudishwa kwa dakika kumi za injini kujizungukia, mpaka Jumatatu ya mwisho injini ikawaka kwa tabu na Alhamisi ikakataa.

Walipoazima betri nyingine jenereta liliwaka, likabeba jengo, na baada ya dakika thelathini na tano likaanza kupumua vibaya, mwendo ukishuka na kupanda, hadi likazimika. Filta ya dizeli ilipofunguliwa ilikuwa na utando mweusi unaonata kama ukoko wa sufuria ya uji. Tangi lilikuwa la lita 2,500, na kwa makadirio ya matumizi ya mwaka ule, lita 450 hadi 500, mafuta yaliyojazwa mara moja yangekaa miaka mitano. Dizeli haikuundwa ikae hivyo. Kwenye hewa ya Dar es Salaam tangi lililojaa nusu huvuta unyevu kila usiku linapopoa. Maji hushuka chini, na kwenye mpaka wa maji na mafuta huota vijidudu ambavyo masalia yake ndiyo utando ule. Jenereta likizunguka bila mzigo hunyonya mafuta kidogo, na filta iliyoziba nusu inatosha. Likibeba mzigo hunyonya mara kadhaa zaidi, na ndipo filta inapogoma. Dawa yake ni rahisi kuliko matatizo yake: valvu ya chini ya tangi ifunguliwe kila mwezi hadi maji yaishe na dizeli safi itoke, na kiasi kinachowekwa akiba kilingane na matumizi ya sasa badala ya yale ya 2023.

Sasa tupime hoja za pande zinazobishana. Wamiliki wanaotaka kupunguza gharama wana haki kwa sehemu, na ni makosa ya wahandisi wenzangu kuwajibu kana kwamba hawana. Kuna kazi zinazoamuliwa na saa za injini kweli: marekebisho ya mwanya wa valvu, ukaguzi wa nozo, ukarabati mkubwa. Kazi hizo zinaweza kusogezwa mbele bila hatari, na kampuni ya matengenezo inayoendelea kuzitoza kwa mwaka wakati mita ya saa haijasogea inajilipa bila kazi. Vilevile majengo yaliyonunua jenereta la pili kwa sababu ya mgawo yanaweza kujiuliza kama la pili bado linahitajika. Ninachokataa ni kutumia punguzo la aina moja kwa ratiba nzima. Ukikata ziara kutoka nne hadi mbili, unakata kwa usawa kazi za saa, ambazo zilistahili kupungua, na kazi za kalenda, ambazo zilistahili kuongezeka. Katika jengo nililolieleza, ratiba sahihi ya umeme uliotulia ina kazi chache za spana na nyingi za mita na chupa ya sampuli.

Upande wa pili wako wanaosema kitabu cha mtengenezaji ndicho sheria, na kukibadilisha ni kupoteza dhamana. Hoja hii ina uzito katika mwaka wa kwanza au wa pili, na hata baadaye hakuna mwenye busara atakayeruka kipindi ambacho mtengenezaji amekiweka. Lakini mtengenezaji aliandika kwa ajili ya injini, akiwa mbali, bila kujua kama itakuwa mgodini ikifanya kazi usiku na mchana au kwenye chumba cha chini kilicho hatua chache kutoka baharini. Hajui chaja yako inalishwa kutoka wapi. Hajui kwamba umebadilisha taa zote za jengo kuwa za LED na mzigo umeshuka. Kitabu chake ni sakafu ya ratiba. Kuta na paa ni za mwenye jengo, na ni za kuandikwa na mtu aliyekwenda kupima.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, nayo ni hii: sisi huliwasha kila wiki, kwa hiyo tunajua ni zima. Jengo langu la mfano liliwashwa kila Jumatatu. Kuwasha bila mzigo kunathibitisha kwamba stata ilizunguka siku hiyo na kwamba injini inaweza kujiendesha yenyewe, basi. Hakuthibitishi kwamba kidhibiti kitatambua umeme umekatika, kwa sababu fundi ndiye aliyebonyeza kitufe. Hakuigusi chenji ova, swichi inayohamisha jengo kutoka TANESCO kwenda kwenye jenereta, ambayo inaweza kuwa imeshika kutu kwenye mkono wake wa mitambo kwa miaka miwili. Hakuonyeshi filta iliyoziba wala rejeta iliyojaa vumbi, maana joto halipandi. Baya zaidi, tabia hiyo inaidhuru mashine. Injini ya dizeli inayozunguka bila mzigo haifiki joto lake la kazi. Mafuta hayaungui yote, pete za pistoni hazishiki vizuri, na kwenye maungio ya ekzosi huanza kutoka majimaji meusi yenye mafuta. Ukiona ekzosi inatoa ute huo mweusi, unaangalia matokeo ya Jumatatu nyingi za dakika kumi.

Kiwango cha Marekani cha mitambo ya umeme wa dharura, NFPA 110, ambacho hakitufungi kisheria lakini kimefikiriwa vizuri, kinataka jaribio la kila mwezi la dakika 30 kwa mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wa mashine, au mzigo unaoifikisha ekzosi kwenye joto la chini lililowekwa na mtengenezaji. Likishindikana, kila mwaka jenereta lifungiwe mzigo wa bandia, ule ambao mafundi huuita lodi benki, kwa dakika 30 kwenye asilimia 50 na saa moja kwenye asilimia 75. Kwa kVA 500 yetu, asilimia 30 ni kilowati 120. Mzigo uliopimwa saa nane mchana, saa ambayo viyoyozi vinavyobebwa na jenereta vilikuwa vyote vinafanya kazi, ulikuwa kilowati 85, sawa na asilimia 21. Maana yake ni kwamba jengo hili haliwezi kulipima jenereta lake kwa mzigo wake lenyewe hata likitaka. Ama lodi benki iletwe mara moja kwa mwaka, ama siku ya kununua jenereta jipya linunuliwe dogo zaidi. Uamuzi wa namna hiyo ulipaswa kuwa na ukurasa wake kwenye mwongozo, ukisema mzigo uliokadiriwa ulikuwa kiasi gani na kwa misingi gani, ili aliyekuja baadaye ajue amebadilisha nini.

Wapo pia wanaoweka matumaini kwenye vidhibiti vya kisasa vinavyotuma taarifa kwenye simu. Ni msaada wa kweli, hasa kwa betri: kidhibiti kilichopangwa kulia kelele volti zikishuka chini ya 25.5 mashine ikiwa imesimama kingeiona chaja iliyozimwa siku ya kwanza. Lakini lazima mtu aamue kwamba namba ni 25.5, na aiandike mahali ambapo fundi atakayebadilisha kidhibiti mwaka wa nane ataikuta. Na hakuna simu itakayokuambia kilichopo chini ya tangi.

Athari za haya yote zinaanzia kwenye mkataba wa ujenzi, kabla hata jenereta halijaagizwa. Mikataba mingi inazungumzia mwongozo kwa mstari mmoja, kwamba mkandarasi atakabidhi nakala tatu, na msimamizi wa mshitiri huhesabu majalada, akasaini. Kipimo bora ni kumpa mwongozo fundi ambaye hakushiriki ujenzi, siku ya makabidhiano, na kumwambia azime umeme wa chaja kwa kufuata mchoro. Akizima kitu kingine, fedha ya mwisho isitoke. Jaribio hilo halichukui nusu saa, na linauliza swali ambalo kuhesabu majalada hakuwezi kuliuliza. Mengine ya aina hiyo: azime kabisa umeme wa TANESCO kwenye swichi kuu na kupima sekunde hadi jenereta libebe mzigo, kisha alinganishe na kilichoandikwa, atafute kwenye mwongozo namba ya filta ya dizeli na kuona kama inalingana na iliyofungwa.

Kwa majengo yaliyokwisha kukabidhiwa, ambayo ndiyo mengi, hakuna mkandarasi wa kumrudia. Hapo kazi ni ya msimamizi wa jengo na kampuni anayoilipa, na inabadilisha kinacholipiwa. Mkataba unaolipa kwa ziara hununua alama za vema kwenye karatasi. Mkataba unaotaka namba hununua kitu kingine: volti za betri chaja ikiwa imewashwa, volti za chini kabisa stata ikizunguka, kiasi cha maji kilichotolewa chini ya tangi, upinzani wa alteneta kila mwaka kwa megohm. Namba hizo zikiwekwa kwenye mstari mmoja kwa miezi kumi na miwili huonyesha mwelekeo kabla ya hitilafu. Alteneta inayoshuka kutoka megohm 80 hadi 12 hadi 4 inadai hita yake ya kuzuia unyevu iangaliwe, ingawa bado iko juu ya megohm 1 ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo mwisho wa usalama. Kwenye fomu ya vema miaka yote mitatu ingesomeka sawa.

Ugumu ni kwamba gharama hizi huonekana kila mwezi, na faida yake huonekana siku moja. Aprili 2024, miezi miwili tu baada ya mtambo wa kwanza wa Rufiji kuanza, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, sehemu ya majengo ya abiria ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa sababu jenereta lilishindwa kuwaka, na wakuu wakafutwa kazi. Gridi kubwa yenye umeme wa kutosha bado huanguka, ila huanguka mara chache, na uchache huo ndio unaompa jenereta muda mrefu zaidi wa kuharibika bila shahidi.

Katika jengo la ghorofa tisa, ratiba mpya iliyoandikwa baada ya Alhamisi ile ina kurasa mbili. Uwashaji wa kila Jumatatu umefutwa. Badala yake, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi swichi kuu ya TANESCO huzimwa kweli na jengo hubebwa kwa dakika arobaini. Mpangaji wa ghorofa ya nne amelalamika mara mbili kuhusu kompyuta zake, na amejibiwa kwamba ni bora azijaribu betri zake za akiba siku aliyotangaziwa. Tangi linajazwa lita 800 tu. Na kwenye mlango wa bodi ya taa za sakafu ya chini, breka iliyokuwa ya akiba sasa ina kifuniko chenye kufuli, na kibandiko kilichochongwa, si cha kalamu: chaja ya jenereta, usizime.